Somo: Kwa nini picha ya tanzanaiti hujibiwa kwa asilimia

Mwanachama ameleta picha ya jiwe la bluu ya zambarau, akauliza: "Orijino au feki?" Nimemjibu tanzanaiti 50, chupa 30, iolaiti 10, forsteraiti ya maabara 10. Akanuna. Lakini mawe hayo manne yote yanaweza kutoa picha ileile, na simu nayo hujirekebishia rangi. Namba hizo ni makadirio yangu. Zinasogea ukileta ushahidi.

1. Piga picha upya mchana kivulini, jiwe likiwa juu ya karatasi nyeupe. Karatasi ikitoka ya bluu, rangi ya jiwe nayo si ya kuaminika.

2. Pima uzito. Lake lilikuwa gramu 1.34. Kisha weka kikombe cha maji kwenye mzani, rudisha namba kwenye sifuri, zamisha jiwe likining'inia kwa uzi bila kugusa kikombe. Mzani ulisoma 0.40. Gawanya 1.34 kwa 0.40, unapata 3.35, yaani jiwe ni zito mara 3.35 ya maji ya ujazo uleule, na hiyo ndiyo namba ya tanzanaiti. Iolaiti ni kama 2.6, kwa hiyo imetoka. Chupa haijatoka kabisa, maana zipo nzito kwa nyepesi. Forsteraiti nayo ipo karibu mno: jiwe la uzito huo lingesoma kama 0.41 au 0.42, na mzani wa dukani unaweza kukosea hivyo. Sasa tanzanaiti 80, chupa 10, forsteraiti 10.

3. Ligeuze taratibu mbele ya mwanga, ulitazame pande zote. Upande mmoja lilikuwa bluu, mwingine zambarau. Chupa haifanyi hivyo. Tanzanaiti ikafika karibu 90.

4. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, tazama kingo za nyuma kupitia uso wa juu. Kwenye forsteraiti kingo huonekana mbilimbili waziwazi. Kwenye tanzanaiti ni kidogo sana. Angalia kutoka pembe kadhaa, kwa sababu ipo pembe ambayo hata forsteraiti haionyeshi pacha. Kingo za jiwe lake hazikuonekana mbilimbili. Nikasema 98.

Maswali

*Mwalimu, video haitoshi?*
Kwa hatua ya tatu inasaidia, mradi taa isibadilike. Uzito hauonekani kwenye video.

*Kaka, muuzaji ana cheti cha maabara. Bado nipime?*
Linganisha uzito na vipimo vya cheti na jiwe ulilonalo mkononi. Cheti halali huweza kutembea na jiwe lingine.

*Nikilikwaruza kwa kisu je?*
Usithubutu. Tanzanaiti hupasuka kirahisi, na kutochubuka hakutakuambia kama si forsteraiti.

*Hizo 2 zilizobaki zinamalizwa na nini?*
Refraktomita, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga. Tanzanaiti husoma kati ya 1.69 na 1.70, forsteraiti haivuki 1.67. Sonara wengi hawana. Peleka kwa mpima vito. Ila hata hapo, kama lilichomwa ili rangi iive, usitegemee kipimo hicho kikuambie.