Maksai watatu wameuzwa, lakini kundi limeleta faida gani?

Mfugaji anatoka mnadani Desemba na shilingi 3,180,000 mfukoni baada ya kuuza maksai watatu, naye anasema mwaka huu ng'ombe wamelipa. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Pesa ile haisemi chochote kuhusu jike aliyekufa Aprili, wala ndama waliozaliwa masika, wala bei ya majike iliyoshuka ukame ulipokaza. Ili kujua, itabidi kundi zima lihesabiwe kwa thamani mwanzoni mwa mwaka na mwishoni, na kila mnyama aliyeingia au kutoka katikati awe ameandikwa.

Kampuni na vyama vinavyofuata viwango vya kimataifa vya uhasibu hutumia IAS 41, ile ya kilimo na mifugo, inayotumika tangu Januari 2003. Mfugaji wa zizi moja halazimiki kuifuata, lakini kanuni yake inamfaa: mnyama aliye hai huandikwa kwa thamani yake ya soko siku ya hesabu, ukiondoa gharama za kumuuza. Bei uliyomnunulia miaka minne iliyopita haihusiki tena.

Thamani hiyo hupatikana hivi. Tuseme jike aliyewahi kuzaa anauzwa 900,000 katika mnada unaoutumia, na lori hadi kule ni 40,000 kwa kichwa. Hapo zizini kwako thamani yake ya soko ni 860,000. Ukiondoa dalali na ushuru wa mnada, jumla 20,000, unabaki na 840,000, na hiyo ndiyo inayoandikwa. Usiondoe riba ya mkopo wala kodi ya mapato, maana hizo si gharama za kuuza. Tumia bei ya siku ya hesabu, si ile ya wiki ya Idd el Hajj wakati wanunuzi wanagombania madume. Hata kama umeshakubaliana na mchinjaji kumpelekea maksai Februari kwa bei fulani, siku ya hesabu bei ya mnada ndiyo inayotumika.

Sasa tuchukue kundi la mfano la ng'ombe 30, bei zote zikiwa zimeshaondolewa usafiri na gharama za kuuza. Tarehe 1 Januari kulikuwa na majike 20 kwa 840,000 kila mmoja, mitamba 6 kwa 540,000 na maksai 4 kwa 1,040,000. Jumla ni 24,200,000.

Masika walizaliwa ndama 12. Ndama mchanga hana bei inayotajwa mnadani, kwa hiyo kadiria kwa uangalifu kutokana na bei ya ndama wakubwa kidogo, kisha tumia makadirio hayo kwa wote. Hapa tumeweka 100,000. Siku ya kuzaliwa unaongeza 1,200,000 kwenye mifugo, na kiasi hichohicho unakiandika kama faida ya mwaka, ingawa hujapokea hata senti. Mwanzoni wengi wanashtuka kusikia faida isiyo na pesa, lakini ng'ombe hulipa anapozaa na anapokua. Mnada hugeuza tu thamani hiyo kuwa noti.

Ndama wawili walikufa kabla ya kuachishwa ziwa, na jike mmoja aliuawa na ndigana kali. Hasara ni 200,000 na 840,000. Kosa ninaloliona sana ni ndama aliyezaliwa na kufa mwaka uleule kutoandikwa kabisa, kwa hoja kwamba hakuwapo Januari na Desemba hayupo. Jumla ya mwisho haitabadilika, kweli, lakini mfugaji atakuwa amejificha kwamba kati ya ndama 12 alipoteza wawili, na hilo ndilo linaloonyesha kama kupe wamedhibitiwa. Andika mstari wakati mzoga bado uko pale: "Aprili 14, jike, hereni 017, ndigana kali, 840,000 nje."

Maksai watatu waliuzwa. Siku ya mnada bei yao, ikiondolewa gharama, ilikuwa 1,060,000. Kwanza wapandishe kutoka 1,040,000 hadi hapo, ndipo faida ya 60,000 ionekane. Kisha watoe kwenye mifugo kwa 3,180,000, na pesa iingie kwa kiasi hichohicho. Mauzo yenyewe, basi, yameleta faida ya 60,000 tu. Sehemu kubwa ya milioni tatu zile ilikuwa tayari ni mali yako Januari, imesimama zizini ikila majani.

Tarehe 31 Desemba hesabu wakati wa kutoka malishoni, mmoja mmoja mlangoni mwa zizi, mtu mmoja akisoma hereni na mwingine akiandika. Hesabu ya kukumbuka kichwani hukosea kwenye mitamba. Katika mfano wetu mitamba watatu wamezaa, na lazima wahamishiwe kwenye majike. Kwa hiyo wako majike 22, mitamba 3, ndama 10 na maksai 1, jumla 36. Jaribu kama idadi inakubali: 30, ongeza 12 waliozaliwa, toa 3 waliokufa na 3 waliouzwa, ni 36. Idadi ikikataa, usiendelee na shilingi. Kuna mnyama ambaye hakuandikwa, na mara nyingi ni aliyetolewa mahari, aliyechinjwa msibani, au ng'ombe wa jirani aliyewekwa kwako akahesabiwa kama wako. Wa mahari na wa msiba hutoka kwa thamani yao kama matumizi ya mwenye kundi, si kama mauzo. Wa jirani hahesabiwi kabisa.

Majike sasa wamethaminiwa 800,000 kwa sababu bei imeshuka, mitamba 560,000, ndama walioachishwa ziwa 240,000 na maksai aliyebaki 1,060,000. Kundi lina thamani ya 22,740,000.

Ukianza na 24,200,000, ukaongeza na kutoa hayo yote hapo juu, unapata 21,240,000. Pengo la 1,500,000 ni mabadiliko ya waliobaki, na inafaa kulifungua. Ndama 10 kukua kumeleta 1,400,000. Mitamba watatu kuwa majike kumeleta 780,000. Mitamba na maksai waliobaki wameongeza 80,000 tu. Bei ya majike 19 wa zamani imekula 760,000. Ukuaji ni kazi yako na ya mchungaji, lakini bei ni ya soko, na ukizichanganya utamsifu au kumlaumu mchungaji kwa jambo lisilo lake.

Faida yote ya kundi kwa mwaka, basi, ni 1,720,000: waliozaliwa 1,200,000, waliokufa wakitoa 1,040,000, maksai 60,000 na mabadiliko 1,500,000. Hapo bado hatujagusa gharama. Mshahara wa mchungaji 1,200,000, josho na dawa 480,000, chumvi na mashudu 220,000, jumla ni 1,900,000, na zote huandikwa kama matumizi ya mwaka. Kuziongeza kwenye thamani ya ng'ombe hakusaidii, kwa kuwa mnunuzi mnadani hakulipi kwa ulichotumia. Analipa kwa mnyama anayemwona. Maziwa yana hesabu yake: yakishakamuliwa ni mazao, na hapa sijayatia. Bila hayo, mfugaji aliyetoka mnadani na milioni tatu amepata hasara ya 180,000, na kundi lake limepungua thamani kwa 1,460,000.