Kabla hujasaini "Kny": mambo ya kuangalia kwa anayekasimu na anayekasimiwa

Barua nyingi zinazotoka ofisi za halmashauri huwa hazijasainiwa na mwenye cheo kilichochapwa chini yake. Mbele ya cheo kuna herufi tatu tu, Kny, yaani kwa niaba ya. Herufi hizo zinaweza kumaanisha kwamba bosi ameamua na mwingine ameweka saini, na hapo hakuna ubaya. Zinaweza pia kumaanisha kwamba bosi hana habari kabisa na aliyesaini ndiye aliyeamua. Ukiwa ofisini huoni tofauti. Utaiona siku wakili wa upande wa pili atakapoomba jalada.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa hapa kwetu. Sheria ndogo za soko moja la samaki ufukweni Mwanza zinasema mkurugenzi anaweza kufuta kibali cha kizimba cha mfanyabiashara aliyevunja masharti, na anaweza kukasimu mamlaka hayo kwa mkuu wa idara. Mkurugenzi akamwandikia mkuu wa idara barua ya kumkasimu. Baadaye mkuu wa idara akasafiri kwenda Dodoma kwa vikao vya wiki mbili, na akiwa njiani akampigia simu afisa wake: "Yule mama wa dagaa, kizimba namba 14, mmalize wewe." Afisa akaenda, akakuta magunia yamefunga njia, akarudi ofisini na kuandika barua ya kufuta kibali. Akasaini Kny Mkurugenzi, akagonga mhuri.

Swali la kwanza, kabla hata ya magunia: sheria imemtaja nani? Usiulize nani amezoea kufanya kazi hiyo. Fungua kifungu ukisome. Bunge au baraza la madiwani likimpa mtu mamlaka ya kuamua, limeamini busara ya cheo hicho, kwa hiyo mwenye cheo hawezi kuigawa busara hiyo ovyo. Akitaka kukasimu, lazima sheria imruhusu, ama kwa maneno ya wazi ama kwa namna ambayo haiwezi kueleweka vinginevyo. Katika mfano wetu ruhusa ipo, lakini inaishia kwa mkuu wa idara. Hapo ndipo kanuni ile ya kale ya Kilatini inapouma: aliyekasimiwa hawezi kukasimu. Mkuu wa idara ameazimwa mamlaka, na cha kuazima hakiazimishwi.

Kesi inayofundisha jambo hili vizuri kuliko zote ni ya makuli wa bandari ya London, Barnard dhidi ya Bodi ya Taifa ya Ajira za Bandarini, ya mwaka 1953. Bodi ya taifa ilikasimu mamlaka ya nidhamu kwa bodi za mitaa, na sheria iliruhusu. Bodi ya mtaa nayo ikamwachia meneja wa bandari. Ukatokea mgogoro wa upakuaji wa sukari, meneja akawasimamisha makuli kazi bila malipo. Mahakama ya Rufani ikasema usimamishaji ule ni batili. Haikuhitaji kuuliza kama makuli walikosea, maana mlolongo ulikatika kwenye pingili ya pili.

Jambo la pili ndilo linalowachanganya wengi, nami nitalikalia kidogo. Si kila unachomtuma mdogo wako ni kukasimu. Mkuu wa idara angeweza kabisa kumtuma afisa akapime njia, apige picha, achukue maelezo ya mama, kisha amwandikie dokezo lenye mapendekezo. Miguu, macho na kalamu vinatumwa bila shida. Kinachokatazwa ni kutuma kichwa. Ili kujua kama kichwa kimetumwa, tafuta kwenye jalada mahali ambapo mwenye mamlaka alisoma maelezo na kuandika kwa mkono wake: nimeridhika kwamba masharti yamevunjwa, kibali kifutwe. Maneno hayo yakiwapo kabla ya tarehe ya barua, karani yeyote aliyeagizwa anaweza kuisaini. Yasipokuwapo, saini ya Kny haina cha kuiegemeza.

Wala usidhani jambo dogo halihesabiki. Wakati wa uhaba uliofuata vita kuu ya pili, kamati ya kilimo ya Bedfordshire, Uingereza, ilikuwa na mamlaka ya kukasimiwa ya kuwaelekeza wakulima walime nini. Ikaamua mkulima mmoja alime viazisukari ekari nane, lakini shamba lipi hasa, ikamwachia ofisa wake achague. Mwaka 1948 mahakama ikalitengua agizo lile, kwa kuwa kuchagua shamba nako kulikuwa sehemu ya uamuzi. Kwa hiyo ukimwambia afisa "funga vizimba vitatu, vyovyote utakavyoona", umemkabidhi uamuzi wenyewe.

Hapa utasikia watu wakijitetea kwa kusema mbona waziri hasaini kila kitu. Ni kweli, na tangu kesi ya Carltona ya mwaka 1943 mahakama za Uingereza zimekubali kwamba ofisa wa wizara anaweza kuamua kwa jina la waziri, maana kisheria ofisa na waziri ni kitu kimoja na waziri ndiye atakayejibu bungeni. Lakini hoja hiyo ilijengwa kwa ajili ya wizara. Mkuu wa idara wa halmashauri asiitegemee.

Tenganisha pia kukasimu na kukaimu. Maneno yanafanana, nimewahi kuona barua yenye yote mawili katika aya moja. Anayekaimu anakikalia kiti chenyewe kwa muda, kwa hiyo anatumia mamlaka ya kiti hicho kama mwenyewe, alimradi ameteuliwa na mwenye uwezo wa kumteua. Kumbe dawa ya mkuu wa idara aliyekwenda Dodoma ilikuwa rahisi: mamlaka inayohusika imteue afisa kwa barua kukaimu ukuu wa idara kuanzia tarehe fulani, na barua ya mkurugenzi ya kukasimu iwe imetaja cheo, si jina la mtu. Ikitaja jina, kaimu haridhi kitu.

Barua ya kukasimu yenyewe haihitaji urefu. Itaje kifungu kinachoruhusu, cheo kinachopokea, mamlaka gani hasa, mipaka yake na siku ya kuanza. Kukasimu kwa simu au kwenye kundi la Whatsapp kunazaa ubishi wa nani alisema nini. Mkurugenzi naye ajue kwamba kukasimu hakumnyang'anyi mamlaka. Anaweza kuamua mwenyewe au kuyarudisha kabla uamuzi haujatolewa. Hilo limekubalika tangu mwaka 1890 katika kesi ya Huth na Clarke, iliyohusu, amini usiamini, amri ya kuwafunga mbwa midomo wakati wa kichaa cha mbwa.

Sasa mama wa dagaa ameshaandika malalamiko. Kishawishi ni mkuu wa idara kurudi na kuandika "ninabariki uamuzi wa afisa". Asifanye hivyo. Katika kesi ya makuli mahakama ilisema kwamba asiyeweza kumtuma mtu kabla hawezi kumbariki baada. Aiondoe barua ya kwanza, ampe mama nafasi ya kujieleza upya, asome maelezo bila kujifunga na yaliyopita, ndipo aamue mwenyewe. Huenda akamwacha na kizimba chake, magunia yakahamishwa tu.

Na asichelewe, kwa kuwa mama ana miezi sita tangu siku ya uamuzi kuomba kibali cha Mahakama Kuu cha kufungua maombi ya mapitio, na masjala ya mahakama hiyo ipo hapahapa Mwanza.