Somo: Kumpa jina mhusika wa riwaya ya kihistoria (Unguja na pwani, 1860 hadi 1900)

Wengi wetu tukianza riwaya ya zamani hutafuta orodha ya majina ya kale, tukachagua linalopendeza sikioni. Kwa pwani ya karne ya 19 njia hiyo inapotosha, kwa sababu jina la mtu lilitangaza hadhi yake kabla hajafungua kinywa. Muungwana, mtumwa, aliyeachwa huru na aliyelelewa misheni hawakuitwa kwa namna moja. Kwa hiyo usianze na jina. Anza na swali hili: ni nani aliyempa, na lini?

Hatua ya 1: Panga miaka yake

Tuchukue mhusika mmoja twende naye hadi mwisho. Ni mvulana wa Kiyao aliyezaliwa karibu mwaka 1859, akatekwa 1868 akiwa na umri wa miaka tisa hivi, akauzwa Unguja.

Miaka hiyo si pambo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba kati ya Sultani Barghash na Waingereza. Ukisogeza kutekwa kwake hadi 1876, hawezi tena kuuzwa sokoni hadharani. Atavushwa kwa magendo, na jahazi linaweza kukamatwa na manowari za Kiingereza. Hapo huenda akaishia Frere Town, makao ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875, abatizwe na kuitwa kwa jina la Kikristo. Miaka minane tu, na mtu yuleyule amekuwa na jina jingine, dini nyingine na majirani wengine.

Hatua ya 2: Hesabu majina yake yote

Hii ndiyo hatua yenye kazi, na ndiyo inayotoa riwaya nzuri.

Jina la kwanza alipewa kwao. Miongoni mwa Wayao, mvulana alitoka jandoni na jina jipya la utu uzima, na lile la utotoni likaachwa. Sasa tazama: mhusika wetu ametekwa akiwa na miaka tisa. Kama hajapitia jando, jina analolikumbuka ni la kitoto, na la utu uzima hakuwahi kulipata. Mwandishi akilijua hilo ana kitu cha kumfanya mzee wa miaka hamsini anyamaze anapoulizwa jina lake la asili. Jina lenyewe litafute kwa watu wanaokijua Kiyao. Usilibuni kwa kuunganisha silabi, kwani msomaji Myao atalitambua papo hapo.

Jina la pili alipewa na bwana wake. Wamiliki walipenda majina ya heri na ya vitu vya thamani: Mabruki, Baraka, Faraji, Feruzi, Almasi; kwa wanawake, Zafarani au Tausi. Majina kama Muhammad na Ali waliwapa zaidi watoto wao wenyewe. Juma na Khamisi yalivuka mpaka huo, waungwana na watumwa waliyatumia, hivyo hayo peke yake hayamwambii msomaji kitu. Mvulana wetu tumwite Mabruki.

Hatua ya 3: Angalia kinachofuata baada ya jina

Waandishi wengi huteleza hapa. Muungwana alijulikana kwa jina lake na la baba yake: Hamed bin Muhammed, kwa mfano, ndiye yule mfanyabiashara ambaye bara walimbandika Tippu Tip. Mtumwa aliyeletwa kutoka bara hakuwa na "bin" iliyotambuliwa mjini. Aliitwa Mabruki, na kama ilibidi kumtofautisha, Mabruki wa fulani. Ukimwandika "Mabruki bin Saidi" mwaka 1870 umeshampa nasaba, na kila anayeijua pwani atauliza ameipata wapi.

Nasaba inaanza baadaye. Amri ya kukomesha hadhi ya utumwa Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897. Mabruki ana miaka karibu 38. Mtoto wake akizaliwa 1899 ataitwa Juma bin Mabruki, na mjukuu atakuwa fulani bin Juma bin Mabruki. Mnyororo unakomea hapo. Mzee wa mtaa akiusikia anajua familia ilitoka wapi bila mtu kutamka neno utumwa. Ukitaka mgogoro katika sura ya posa, umeupata.

Hatua ya 4: Hakiki kwenye kumbukumbu

Tafuta orodha za watumwa walioachwa huru, rejista za ubatizo za misheni, na majina ya wapagazi katika maandishi ya wasafiri wa Ulaya. Humo utawakuta kina Uledi na Mabruki kwa wingi. Soma kwa sauti, kwani mgeni aliandika alichokisikia kwa herufi za lugha yake, na jina moja linaweza kuonekana kama majina matatu. Pia kumbuka kwamba karani aliandika jina ambalo mtu alilitumia siku hiyo. Si lazima liwe ndilo mkewe alilomwita.

Maswali ya wanachama

Swali: *Mwalimu, shikamoo. Nina Mabruki watatu kwenye msafara mmoja kwa sababu kumbukumbu zinaonyesha hivyo. Msomaji atachanganyikiwa. Niwabadilishe?*

Marahaba. Usiwabadilishe wote, fanya walivyofanya wenyewe. Mmoja wa wapagazi maarufu aliitwa Mabruki Speke kwa kuwa alimtumikia Speke, msafiri wa Kiingereza. Sidi Mubarak, Myao aliyepelekwa India utumwani, alirudi akajulikana kama Bombay. Mwajiri, mji au kazi hutosha kumtenga mtu. Ila Mabruki wa tatu, kama hana kazi kwenye hadithi, mpe jina la Feruzi tu.

Swali: *Mhusika wangu ni mwanamke, na nilitaka aitwe Mtumwa. Rafiki yangu anasema hakuna mzazi angempa mtoto jina hilo. Kweli?*

Si kweli, dada. Mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Siti alikuja kuitwa baadaye. Litumie, lakini amua mapema ni nani katika riwaya ataendelea kumwita Mtumwa hata baada ya wengine kumwita kwa heshima. Mtu huyo atakufanyia kazi kubwa.

Swali: *Wangu alikombolewa na wamisionari. Je, alitupa kabisa jina la zamani?*

Inategemea nani alimkomboa na lini. Chuma, Myao aliyekombolewa mwaka 1861 na kundi la Livingstone, alibaki na jina lake, wakalitanguliza la James. Jacob Wainwright, naye Myao, anajulikana kwa majina mawili ya Kiingereza, na katika kumbukumbu nyingi ni hayo tu utakayoyaona. Chagua njia moja kati ya hizo kulingana na umri aliokombolewa. Aliyeingia shule ya misheni akiwa mdogo sana ana nafasi kubwa ya kuwa kama Wainwright.

Swali: *Na kwenye mazungumzo? Mke amwite Mabruki?*

Mbele ya watu, hapana. Akishazaa ni baba Juma. Bwana wa zamani ataendelea na "Mabruki" hata mwaka 1905, na hapo wala huhitaji kueleza chochote.