Neno refu kwa safu moja ya kibodi: rudufu kitenzi

Kwenye shindano la kutafuta neno refu linaloandikwa kwa safu moja tu ya kibodi, usianze na nomino. Chukua kitenzi kifupi, kirudufu, kisha kipachike viambishi. Irabu ndizo zinazoamua. Safu ya juu ya QWERTY ina e, i, o na u lakini haina a, na vitenzi vyetu vingi huishia na a. Kwa hiyo tumia umbo la kuomba au kuamrisha, linaloishia na e. Kutoka tupa unapata tupetupe, ukitanguliza tu- na -i- (mipira, kwa mfano) inakuwa tuitupetupe, herufi 11. Safu ya kati ina a peke yake, basi tafuta kitenzi chenye a tupu, kama saga, ukitie kwenye hali ya "bado": hajasagasaga, herufi 12. Safu ya chini iache, haina irabu hata moja.

Mwamuzi akidai neno lililoorodheshwa kamusini, viambishi vyote vinaanguka. Hapo rudi kwenye maneno yaliyozaliwa yamerudufiwa: topetope na tepetepe juu, halahala katikati, kila moja herufi 8.

Na uliza kwanza ni kibodi gani inayotumika. Kwenye AZERTY, inayotumika sana Kongo na Burundi, a iko juu pamoja na z, na safu ya kati haibaki na irabu. Mwenzako huko ataandika atazipitapita, herufi 13, na hajasagasaga yako haitahesabiwa.