Kusawazisha hesabu ya ATP na NADPH kwenye usanisinuru

Wiki iliyopita nilikaa na mpwa wangu wa kidato cha tano. Majina yote ya kwenye mchoro wa kloroplasti alikuwa nayo kichwani, lakini nilipomwuliza ATP ngapi zinahitajika ili sukari moja itoke, akanyamaza. Mimi nami nilikwama papo hapo nilipokuwa nasoma. Njia niliyompitisha ni hii. Tafuta karatasi, kalamu na maharage 18. Michoro ya rangi iweke kando kwanza, maana inaonyesha mishale bila idadi.

Hatua ya 1: Anzia mzunguko wa Calvin

Vitabu vingi huanza na mwanga. Mimi naanza na mlaji, kwa sababu ukishajua kinacholiwa utajua kinachotakiwa kupikwa. Chukua kabonidioksaidi 3. Kinachotoka kwenye mzunguko si glukosi bali G3P, sukari ndogo yenye kaboni 3. Glukosi na wanga huja baadaye.

Hatua ya 2: Panga maharage

Harage moja ni kaboni moja. Weka mafungu 3 ya maharage 5. Hizo ni RuBP. Kila fungu liongezee harage moja, kazi ambayo kwenye jani hufanywa na kimeng'enya kiitwacho rubisko. Fungu la maharage 6 halidumu, hivyo kila moja ligawe katikati. Sasa una mafungu 6 ya maharage 3, yaani PGA.

Kila PGA hula ATP 1 na NADPH 1 ili iwe G3P. Andika ATP 6, NADPH 6. Ondoa G3P moja, hiyo ndiyo faida. Tano zilizobaki zina kaboni 15, nazo hupangwa upya ziwe RuBP 3, kila moja ikidai ATP 1 nyingine. Hizi 3 ndizo mpwa wangu alizisahau. Jumla: ATP 9, NADPH 6.

Hatua ya 3: Hesabu elektroni

NADPH 1 hubeba elektroni 2, kwa hiyo 6 zinadai elektroni 12. Zinatoka kwenye maji 6, na oksijeni (O₂) 3 zinaachiliwa.

Hatua ya 4: Hesabu protoni

Hapa nilipoteza jioni nzima. Notisi zangu zilisema mwanga hutoa ATP 9 na NADPH 6, sawasawa kabisa na tulichoandika, na kila nilipojaribu kuthibitisha nilipata jibu tofauti.

Elektroni zenyewe haziundi ATP. Safari yao hujaza protoni ndani ya tilakoidi, na protoni hizo zikirudi kwenye stroma kupitia ATP sintesi ndipo ATP inaundwa. Basi hesabu protoni. Maji 6 yakivunjwa huacha protoni 12 ndani. Njiani, sitokromu b6f huingiza protoni 2 kwa kila elektroni, yaani 24. Jumla 36.

Ukigawa kwa 4, yaani protoni 4 kwa kila ATP, kama vitabu vingi vinavyofanya, unapata ATP 9 na kila kitu kinakaa sawa. Lakini ATP sintesi ni gurudumu linalozunguka, na lile la kloroplasti ya spinachi lina vipande 14. Mzunguko mmoja hupitisha protoni 14 na kutoa ATP 3. Protoni 36 zinatoa basi ATP 7.7 hivi. Zinapungua kama 1.3.

Pengo hilo huzibwa hasa na njia ya mzunguko. Baadhi ya elektroni zilizofika fotosistimu I haziendi kuunda NADPH. Hurudi nyuma, hupita tena sitokromu b6f na kuingiza protoni zaidi. ATP inaongezeka, NADPH haiongezeki, wala oksijeni haitoki. Kwenye mtihani fuata kiwango cha protoni ulichopewa, ila njia hii usiione kama pambo la mchoro.

Hesabu hii usiipeleke kwenye mahindi wala mchicha. Hiyo ni mimea ya C4, na hulipa ATP 2 zaidi kwa kila kabonidioksaidi.

Hatua ya 5: Zima taa

Jiulize: mwanga ukizimwa ghafla, PGA na RuBP zitakuwaje? Ukijibu kwamba mzunguko unaendelea tu kwa kuwa ni "hatua ya giza", rudi kwenye maharage. Rubisko huendelea kwa muda mfupi kuunda PGA, lakini hakuna ATP na NADPH za kuigeuza, kwa hiyo PGA hulundikana na RuBP hupungua kwa kukosa kutengenezwa upya. Calvin na wenzake waliona hivyo kwenye mwani waliolishwa kaboni-14. Sasa acha taa ikiwaka, kata kabonidioksaidi, na ueleze kwa nini RuBP ndiyo inayopanda.