Kabla hujamtajia mtu bili ya kuhifadhi mafaili mtandaoni

Ukiombwa kukadiria gharama ya kila mwezi ya kuweka mafaili kwenye baketi, yaani ghala la mafaili unalokodi mtandaoni, usijibu papo hapo. Shika kalamu kwanza. Bili hiyo ina mafungu matatu: ukubwa wa unachohifadhi, idadi ya maombi, yaani kila mara faili linapoandikwa, kuorodheshwa au kusomwa, na data inayotoka kwenda kwa watu. Wengi huhesabu fungu la kwanza tu, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Hapa natumia bei za huduma ya Amazon S3, daraja la kawaida, eneo la Virginia Kaskazini. Kuhifadhi ni dola 0.023 kwa gigabaiti kwa mwezi. Maombi 1,000 ya kuandika au kuorodhesha ni dola 0.005, na 1,000 ya kusoma ni dola 0.0004. Data inayotoka kwenda mtandaoni ni dola 0.09 kwa gigabaiti, baada ya gigabaiti 100 za kwanza za kila mwezi ambazo ni bure. Kama unatumia huduma nyingine au eneo jingine, chukua bei zao uziweke mahali pa hizi. Hesabu haibadiliki.

Ukubwa usiukisie. Upime:

```
aws s3 ls s3://jina-la-baketi --recursive --summarize
```

Mstari wa mwisho utakupa jumla ya baiti. Lakini amri hii haioni matoleo ya zamani. Kama umewasha utunzaji wa matoleo, kila ukibadilisha faili lile la zamani hubaki pale na unalilipia, hata ukidhani umelifuta. Vipande vya mafaili makubwa yaliyokatika katikati ya kupakiwa navyo hubaki na kulipiwa bila kuonekana kwenye orodha. Weka kanuni ya kuvifuta baada ya siku saba, na uiweke siku ileile unayofungua baketi.

Maombi ni madogo mpaka mafaili yako yawe mengi na madogo. Chukua skripti ya kuhifadhi nakala yenye mafaili 500,000. Kuyapakia mara moja ni dola 2.50, wala hutashtuka. Skripti hiyo ikiandikwa vibaya, ikawa inapakia yote upya kila usiku badala ya yaliyobadilika tu, kwa siku 30 ni dola 75, hata kama mafaili yenyewe yote hayajai gigabaiti kumi. Mafaili madogo yafunge pamoja kwenye faili moja kabla ya kuyapakia.

Sasa data inayotoka. Hapa ndipo nilipoungua.

Kamati moja ya msikiti iliniomba niweke mtandaoni rekodi za darsa zao ili watu wasikilize kwa simu. Zilikuwa rekodi 1,500, kila moja saa moja. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hutumia megabaiti 28.8 kwa saa, kwa hiyo jumla ilikuwa gigabaiti 43.2. Nikazidisha kwa 0.023, nikapata senti 99. Nikasimama mbele ya wazee nikasema kwa kujiamini kabisa: dola moja kwa mwezi. Mweka hazina akatoa kadi yake mwenyewe tukaisajili.

Miezi miwili ya mwanzo ilipita salama kwa kuwa wasikilizaji walikuwa wachache. Ikaingia Ramadhani. Mwezi ulipokwisha mzee yule mweka hazina akanipigia simu, sauti yake imetulia, na utulivu ule ndio ulionichoma zaidi. “Mwanangu, uliniambia dola moja. Hii mia na themanini na sita ni ya nini?”

Sikuwa na jibu. Nikafungua kumbukumbu za maombi nikaanza kusoma. Ukurasa wa darsa ulifunguliwa kama mara 1,200 kwa siku, yaani mara 36,000 kwa mwezi. Hiyo ilikuwa heri tupu. Kilichonishangaza ni kwamba kila ukurasa ulipofunguliwa, kwa wastani zilitoka megabaiti 60, ambazo ni zaidi ya darsa mbili nzima, wakati watu wengi hawakusikiliza hata moja. Nikaona anwani moja ya mtandao imeomba mafaili 20 tofauti ndani ya sekunde ileile, yote yakiwa na msimbo 206, maana yake vipande vya faili. Hakuna binadamu anayesikiliza darsa 20 kwa pamoja.

Kosa lilikuwa kwenye ukurasa niliouandika mimi. Kulikuwa na vicheza sauti 20, na kila kimoja nilikiandika hivi:

```
<audio controls preload="auto" src="darsa-0412.mp3"></audio>
```

Neno `auto` linakiambia kivinjari kwamba kinaweza kuanza kupakua sauti kabla mtu hajabonyeza chochote. Vingine hupakua kidogo, vingine huvuta faili zima. Zidisha 36,000 kwa megabaiti 60 upate gigabaiti 2,160. Ondoa 100 za bure, zibaki 2,060. Kwa senti 9 kila moja, ni dola 185.40. Maombi yenyewe, karibu 900,000, yalikuwa senti 36, na hifadhi ilibaki senti zake 99. Ndiyo dola 186 na ushei za mzee.

Nikabadilisha `auto` kuwa `none`, nikairudisha pesa ya mzee kutoka mfukoni mwangu, kisha nikapiga hesabu niliyopaswa kuipiga tangu mwanzo. Tuseme nusu ya wanaofungua ukurasa husikiliza darsa moja mpaka mwisho: 18,000 kwa megabaiti 28.8 ni gigabaiti 518.4. Ukiondoa 100 unalipia 418.4, ambazo ni karibu dola 37.66. Kwa hiyo hata bila kosa la ukurasa, ile dola moja yangu haikuwa kweli. Nilihesabu ghala nikasahau wanaokuja kuchukua.

Basi swali la kumuuliza mteja siyo “una gigabaiti ngapi?” peke yake. Muulize ni watu wangapi watafungua, kila mmoja atavuta megabaiti ngapi, na ni mwezi gani wa mwaka wanakuwa wengi. Kadiria kwa mwezi huo. Kisha, kabla ya kuzindua, fungua ukurasa wako kwenye kivinjari, ingia sehemu ya zana za wasanidi panapoonyesha mtandao, ukae dakika moja bila kugusa kitu, usome jumla ya data iliyoshuka. Namba hiyo izidishe kwa idadi ya wageni. Ikikutisha, afadhali ikutishe wewe kabla ya mwenye kadi.

Kama data inayotoka ndiyo nzito kuliko yote, angalia huduma zinazotoza kwa mpangilio mwingine. Cloudflare R2 haitozi data inayotoka. Hutoza dola 0.015 kwa gigabaiti iliyohifadhiwa, pamoja na maombi. Darsa zile zingekuwa chini ya dola moja kwa hifadhi hata ndani ya Ramadhani.

Weka onyo la bajeti, lakini usilitegemee kama breki: linatuma barua pepe, halizimi huduma, na takwimu za gharama huchelewa kwa saa kadhaa. Barua hiyo iende kwa mtu anayefungua barua pepe kila siku. Usiache baketi wazi kwa kila mtu kuorodhesha. Usichague daraja la bei nafuu bila kusoma gharama ya kutoa faili humo na muda wa chini wa kulipia. Na siku ukitaka kuhama, kumbuka kwamba kuondoa mafaili yako yote nako ni data inayotoka.