Siagi ya chumvi iliyosahauliwa kwenye kaunta: iliwe au itupwe?

Juzi wifi yangu wa Moshi alinipigia: "Wifi, nimerudi kutoka msibani Rombo, siagi nimeikuta juu ya kaunta. Wiki 3! Niitupe?" Mimi napika keki Arusha, na siagi naishika kila siku. Nikamwongoza kwa simu.

Hatua ya 1: Soma karatasi. Ikiwa haina chumvi, ni ya kienyeji ya maziwa mabichi, au imechanganywa kitunguu saumu, itupe. Majarini, fuata maelezo ya kopo. Zile laini zenye mafuta kidogo zina maji mengi, mahali pake ni kwenye friji.

Hatua ya 2: Angalia kama iliwahi kuyeyuka. Hapa usiharakishe. Pakiti ya gramu 250 ina maji yasiyozidi gramu 40 hivi, na chumvi kama gramu 5. Chumvi yote hukaa kwenye hayo maji, kwa hiyo yana ukali karibu mara tatu ya maji ya bahari. Tena yamegawanyika vitone vidogo mno, kila kimoja kimefungwa na mafuta, na bakteria hawapati pa kukulia. Ndiyo sababu siagi ya chumvi huvumilia nje ya friji. Lakini ikiyeyuka, vitone huungana na maji hushuka chini, na kinga ile hupungua.

Februari moja niliacha nusu kilo karibu na oveni. Mchana ikayeyuka, usiku ikaganda, juu ikawa laini kama mpya. Nikaipiga na sukari asubuhi nzima, krimu ikakataa kushikana. Kugeuza bakuli, chini kuna maji meupe kama ya kuoshea mchele! Tangu hapo nainua kipande nione tumbo lake, kisha nakikata katikati kwa kisu kikavu. Rangi iwe moja mpaka ndani, bila matone. Ukiona maji yamejikusanya, tupa.

Hatua ya 3: Nusa. Harufu ya jibini kali au matapishi ya mtoto ni mafuta yaliyoharibika. Usiishie puani, maana bakteria wengine hawana harufu. Ukungu hata doa moja, tupa yote. Kwenye kitu laini hujui umezama wapi.

Ya wifi ilikuwa na maji chini na chembe za mkate. Akauliza, "Si niichemshe iwe samli?" Hapana. Moto hauirudishi ladha ya mafuta yaliyoharibika. Samli hutengenezwa kwa siagi nzima.

Hatua ya 4: Toa kipande cha siku 2 tu, kingine friji. Mimi sipendi vyombo vya kioo, mwanga huharibu mafuta. Tumia cha udongo chenye mfuniko, na kisu kisichogusa mkate. Arusha mwezi wa Julai hilo linatosha. Moshi mwezi wa Februari, toa dakika 15 kabla ya chai, kisha irudishe.